Vyeti Kumi na Viwili vya Mama Mashuka

Jumatano, tarehe 5 Februari. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, hewa ikawa nzito kama ya chumba kisichofunguliwa madirisha, lakini mvua haikunyesha.

Saa nne kasoro robo, Bwana Nakala alisikia viatu vikipanda ngazi za mbao kuja ofisini kwake, na kwa jinsi vilivyopigwa alijua mwenye viatu hana jema. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la daftari na kalamu: meza, viti vitatu, kompyuta iliyozeeka, mashine ya kuchapa, na kabati la chuma lililojaa mafaili hadi mlango wake haukufunga. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo wasio na uwezo wa kuajiri mhasibu. Jina la Bwana Nakala alipewa na wateja wake wenyewe, kwa sababu kila karatasi aliitoa nakala tatu: moja ya mteja, moja ya faili, na moja ya faili la pili lililokaa nyumbani chini ya kitanda, iwapo la kwanza litaungua.

Aliyeingia alikuwa Mama Mashuka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono imekunjamana vidole kwa maji ya sabuni, na kitambaa kimefungwa kiunoni kana kwamba katoka kwenye karai sasa hivi. Alikuwa na dobi lake lenye wafanyakazi wanane, na tangu Januari ndiye aliyefua mashuka yote ya hospitali binafsi iliyokuwa mtaa wa pili. Ulikuwa mkataba wake wa kwanza mkubwa.

"Wameniibia," alisema kabla hajakaa. "Na wewe ndiye uliyeniandikia ankara, kwa hiyo nakuja kwako."

"Karibu kwanza, dada. Kaa."

"Sikai. Ankara ilisema milioni moja na laki mbili. Kuna nini benki? Milioni moja, laki moja na elfu arobaini, na mia ngapi sijui wamekula benki wenyewe. Elfu sitini nzima imekwenda wapi? Nimefua mashuka elfu na ushee, Bwana Nakala! Mengine hata sikwambii yalikuwa na nini!"

Bwana Nakala hakushtuka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kutoka kwa mafundi, kwa madereva, kwa mwenye nyumba za kupangisha, na kila mmoja alidhani yeye ndiye wa kwanza kuonewa duniani. Alimvutia kiti, akachukua karatasi nyeupe, akaweka kalamu juu yake.

"Hawajakuibia. Elfu sitini ni kodi ya zuio. Sheria inamlazimu anayekulipa huduma akate tano katika kila mia kabla hajakupa hela yako. Mia moja, tano inabaki kwao. Milioni moja na laki mbili, elfu sitini."

"Inabaki kwao. Si ndiyo nilivyosema?"

"Haibaki kwao moja kwa moja. Wanaipeleka ofisi ya kodi, kwa jina lako. Ni kodi yako wewe, ila umelipiwa mapema. Sasa sikiliza jinsi cheti kinavyopatikana, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea."

Akachora vijumba vitatu kwenye karatasi. Cha kwanza, hospitali. Mwezi unaofuata, kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa, mhasibu wa hospitali anaingiza kwenye mfumo wa kodi orodha ya wote waliokatwa: namba ya mlipakodi ya kila mmoja, kiasi kamili cha ankara, na kodi iliyozuiwa. Cha pili, benki. Hospitali inalipa jumla ya kodi hiyo. Cha tatu, mfumo wenyewe. Malipo yakishaonekana, mfumo unatoa cheti kwa kila aliye kwenye orodha, chenye namba yake ya pekee, na kukiweka kwenye akaunti ya kodi ya mwenye namba ile.

"Kwa hiyo usiende hospitali kumwambia mhasibu akuandikie karatasi yenye muhuri," alisema. "Hawezi kukutungia. Cheti kinatoka kwenye mfumo, na hakitoki kabla hela haijafika."

"Halafu nikishakuwa nacho nakifanyia nini? Nakitundika ukutani?"

"Mwisho wa mwaka napiga hesabu ya faida yako, napata kodi ya mwaka mzima. Halafu napunguza humo kiasi cha vyeti vyako vyote. Ikibaki kidogo, unalipa hicho kidogo. Vyeti vikizidi kodi, zinazozidi unazidai au zinasogezwa mwaka ujao."

Mama Mashuka aliitazama karatasi ile kwa muda. Hasira ilikuwa imemshuka, lakini hakutaka ionekane imeshuka haraka.

"Na nitajuaje kwamba wamepeleka?"

"Utapata ujumbe kwenye simu. Usiupate, usihangaike. Mimi nitaviangalia vyote kwa pamoja mwisho wa mwaka, ndio utaratibu wangu."

"Basi mwaka ukiisha nikute havipo, nitakufua wewe. Na sabuni ya unga."

"Na upige pasi," alisema Bwana Nakala, wakacheka wote wawili. Alitoa nakala tatu za ile karatasi yenye vijumba.

Mwaka ukaenda. Kila mwisho wa mwezi Mama Mashuka alipanda ngazi na daftari lake la idadi ya mashuka, Bwana Nakala akafungua ankara ya mwezi uliopita, akabadilisha tarehe, namba ya ankara na kiasi, akachapa, akagonga muhuri. Kila mwezi hospitali ililipa ikiwa imekata tano katika mia. Mwezi wa nne Mama Mashuka aliuliza, "Mbona sijaona ule ujumbe?" Bwana Nakala akajibu kwamba hospitali kubwa huchelewa kupeleka. Mwezi wa nane akauliza tena. Alimjibu vilevile, huku akipanga karatasi ili kingo zilingane.

Nyumbani, mkewe alikuwa akimtania kwamba hata ndoto zake zina nakala. Walikuwa wamelea watoto watatu kwa kazi ile, wote wamekwishahama. Alikuwa mtu asiyechelewa, asiyekopa, asiyepandisha sauti. Kama kuna kitu alichojivunia kimoyomoyo ni kwamba katika miaka ishirini na mitatu hakuna mteja wake aliyewahi kupigwa faini kwa kosa lake yeye.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata hospitali ilitangaza zabuni ya kufua mashuka kwa miaka mitatu. Bahasha zilitakiwa kufika Alhamisi tarehe 26, kabla ya saa nne asubuhi. Ndani ya bahasha, pamoja na bei, kulitakiwa hati ya kutodaiwa kodi. Isiyokuwa na hati hiyo isingesomwa hata bei yake. Mama Mashuka alikuja akiwa amevaa gauni la kutokea.

"Muuguzi mkuu kaniambia mashuka yangu ndiyo meupe kuliko yote aliyowahi kulazia wagonjwa," alisema. "Sema, ndugu yangu, hati tunaipata?"

"Nafunga hesabu zako, napeleka taarifa ya mwaka, tunalipa kilichobaki, hati inatoka siku hiyohiyo. Kodi ya mwaka itakuwa kama laki nane. Laki saba na elfu ishirini hospitali imeshakulipia. Tayarisha elfu themanini tu."

"Ninayo. Ipo kwenye kopo la sukari."

Jumatano tarehe 18 Machi, baada ya chai ya saa nne, Bwana Nakala alifungua akaunti ya kodi ya Mama Mashuka. Akabonyeza mahali pa vyeti vya kodi ya zuio. Ukurasa ulifunguka mweupe. Chini yake mfumo ukaandika kwamba hakuna kumbukumbu zilizopatikana.

Alidhani mtandao umekwama. Akatoka, akaingia upya. Akabadilisha mwaka, akarudisha. Mweupe.

Hapo akafanya alichokuwa akifanya kila linapotokea tatizo: alitoa faili. Akatandaza mezani ankara kumi na mbili, akazisoma moja baada ya nyingine tangu juu hadi chini. Jina, sawa. Anwani, sawa. Simu, akaunti ya benki, maelezo ya kazi, kiasi. Alikuwa karibu kuzikusanya jicho lake liliposhuka kwenye ule mstari wa maandishi madogo chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo kwenye kompyuta mshale haufiki mpaka ubonyeze mara mbili. Pale palikuwa na namba ya mlipakodi. Akaisoma tarakimu kwa tarakimu. Akaitoa kadi ya Mama Mashuka kwenye faili, akaisoma.

Hazikufanana hata mwanzo.

Ile namba aliijua. Ilikuwa ya Fundi Majokofu, mteja wake wa zamani aliyetengeneza majokofu ya dawa kwenye hospitali ileile. Januari ya mwaka jana, ili asianze ankara mpya kutoka mwanzo, Bwana Nakala alikuwa amefungua ya Fundi Majokofu na kubadilisha kila kitu alichokiona. Kilichokuwa chini ya ukurasa hakukigusa. Na mwezi uliofuata akanakili hiyo, na uliofuata, na uliofuata.

Akakumbuka nakala tatu za kila moja. Ankara thelathini na sita, na zote zilisema uongo uleule kwa herufi safi. Alikaa vile hadi muuza duka wa chini alipofunga, na siku ile hakuna mteja mwingine aliyehudumiwa.

Alhamisi alikwenda hospitali. Mhasibu wa malipo alikuwa dada mmoja kijana mwenye miwani, anayekaa kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya famasi, amezungukwa na maboksi ya hati za malipo. Alifungua orodha ya Februari kwenye kompyuta yake na kuigeuzia upande wa mzee.

"Ona mwenyewe, baba. Mimi naingiza namba iliyo kwenye ankara. Jina linajileta lenyewe. Limekuja la Fundi Majokofu, na Fundi Majokofu ni mtu wetu, tulikuwa tunamkata kila mwezi. Ningeshtuka vipi? Kwenye orodha ya watu arobaini?"

"Sikulaumu, mwanangu. Na benki je? Mbona hela ilikwenda kwa mwenyewe?"

"Benki ni mkono mwingine. Wao wanatumia namba ya akaunti, nayo ulipatia."

"Sasa tunarekebishaje?"

"Tunaandika marekebisho ya mwezi husika. Tunafuta cheti cha zamani, tunatoa kipya chenye namba sahihi. Unaniletea barua ya kukiri kosa na ankara mpya kumi na mbili. Ni kazi, lakini inafanyika." Alibonyeza hapa na pale. Akavua miwani, akaifuta kwa ukingo wa blauzi, akaivaa tena. "Mh! Baba, vyeti hivi vimeshatumika."

"Vimetumika vipi?"

"Fundi ameshapeleka taarifa yake ya mwaka. Mwezi wa pili. Vyeti vyote kumi na viwili vimo humo. Cheti kilichotumika mfumo haunikubalii kukifuta, mpaka aliyekitumia arekebishe taarifa yake akitoe. Nikibonyeza, ona." Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea. "Naweza kubonyeza hadi kesho."

Ijumaa alimfuata Fundi Majokofu. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya duka la vifaa vya umeme, na zamani ilijaa majokofu hadi watu walipita ubavu. Sasa yalikuwa mawili, na moja halikuwa na mlango. Fundi alikuwa amechuchumaa akichokonoa mota. Walikuwa wameachana vibaya kidogo, mwaka juzi, Fundi alipohamia kwa mtunza hesabu mwingine wa bei nafuu.

"Eh! Bwana Nakala! Umekuja kunitolea kopi?"

"Nimekuja na shida, fundi."

Alimweleza yote bila kujitetea. Fundi alisikiliza huku akizungusha bisibisi vidoleni, na habari ilipomwingia vizuri akaketi chini kabisa, kwenye saruji.

"Kumbe ndizo hizo," alisema. "Kijana wangu wa hesabu aliniambia, 'Mzee, mfumo umeshajaza vyeti vyenyewe, hudaiwi kitu.' Nikasema asante Mungu, maana nilikuwa nimefunga duka la mjini na madeni mpaka puani. Nikadhani hospitali wamenihurumia."

"Hospitali haina huruma ya namna hiyo, fundi."

"Sasa najua." Akacheka kwa pua. "Unataka nivitoe."

"Urekebishe taarifa yako. Basi tu."

"Basi tu! Nikivitoa nadaiwa laki saba na elfu ishirini, pamoja na faini ya kuchelewa na riba. Natoa wapi? Tazama humu ndani. Tazama! Hilo jokofu si langu, na hili lenye mlango mwenyewe anakuja kulichukua saa tisa."

"Ni jasho la mama wa watu, fundi. Mkataba wake unakufa Alhamisi."

"Nimekuelewa. Sikatai kwamba ni jasho lake." Fundi alisema hivyo kwa upole, na huo upole ndio uliomvunja nguvu Bwana Nakala kuliko matusi. "Lakini nikitia saini leo, kesho mimi ndiye sina hati. Nina kazi moja imebaki, ya majokofu ya shule, na wao pia wanataka hati. Nani atanitetea mimi? Sikuandika ankara hata moja kati ya hizo. Wewe ndiye uliyeandika."

Bwana Nakala alimwuliza kama angekubali akipata laki tatu na elfu kumi taslimu, kwa kuwa ndizo pekee alizokuwa nazo. Fundi alitikisa kichwa.

"Na laki nne nyingine nizitapike? Nenda nyumbani, kaka. Usinitie majaribuni."

Jumatatu tarehe 23 alikwenda ofisi ya kodi, akachukua namba ya foleni, akakaa chini ya feni iliyozunguka polepole hadi saa sita na nusu. Ofisa aliyemwita alikuwa mwanamume wa makamo, mstaarabu, mwenye kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Kesi hizi nazijua," alisema. "Kama mlipakodi wa pili anakataa kurekebisha, mteja wako aandike pingamizi, aambatanishe mkataba, ankara, taarifa za benki na barua ya hospitali. Tunachunguza, tukiridhika tunavitoa vyeti huko sisi wenyewe. Haki yake haipotei."

"Inachukua muda gani?"

"Siku tisini. Wakati mwingine zaidi."

"Zabuni inafungwa Alhamisi, mkuu."

Ofisa alitazama kompyuta. "Anaweza kulipa kwa awamu na akapewa hati kwa kipindi hicho... Ngoja. Hapana. Ana makubaliano ya awamu tangu mwaka juzi, bado miezi mitano. Mawili kwa mara moja hayaruhusiwi."

"Hakuna mahali pa kugonga?"

"Mzee wangu, ningekuwa nao mlango ningekufungulia. Anaweza kulipa laki nane zote sasa, halafu adai akishashinda pingamizi. Hiyo ndiyo njia ya haraka."

Alimshukuru. Alishuka ngazi za ofisi ya kodi.

Saa kumi jioni ileile akafika kwenye dobi. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, na mvuke ulikuwa umejaa hata watu wakaonekana nusunusu. Mashine tatu zilikuwa zinaunguruma. Wanawake wawili walikuwa wakikunja shuka, wanasogeleana na kuachana, wanasogeleana na kuachana. Mama Mashuka alikuwa kwenye pasi kubwa. Alipomwona alitabasamu.

"Umeniletea hati hadi mlangoni! Leo nakupa soda."

"Naomba tutoke nje, dada."

"Sema hapa hapa. Hapa hatuna siri, hata nguo za ndani za madaktari tunazijua."

Wale wanawake wakacheka. Bwana Nakala hakucheka, na Mama Mashuka akaizima pasi.

Walisimama uani, kati ya kamba za mashuka yaliyoanikwa. Alimwambia. Alianza na hospitali, kwamba ilikata na ikapeleka kila mwezi bila kukosa. Kisha akamwambia vyeti vilikwenda kwa nani, na kwa sababu ya nani. Alimwonyesha ule mstari chini ya ankara kwa ncha ya kalamu. Hakusema kwamba kompyuta ndiyo iliyokosea. Akamweleza alikokwenda siku zote hizo, na walichomjibu.

"Tangu Jumatano ulijua," alisema Mama Mashuka.

"Tangu Jumatano."

"Siku tano! Siku tano unaniacha napiga pasi, nawaambia hawa watoto wa watu kwamba tuna miaka mitatu. Jana nimemwahidi yule mjamzito kwamba akijifungua atarudi kazini kwake. Na wewe ulijua."

"Nilitaka nije na jibu."

"Nilikuuliza. Mwezi wa nne nilikuuliza, mwezi wa nane nilikuuliza. Ujumbe sijauona. Ukasema nisihangaike."

"Ulikuwa sahihi. Ningefungua akaunti siku ile, dakika mbili tu, kosa lingeonekana. Lingerekebishwa siku hiyohiyo."

Mama Mashuka alishika ukingo wa shuka lililokuwa karibu, akaangalia kama limekauka. Lilikuwa bado bichi.

"Laki nane," alisema. "Kopo la sukari lina elfu themanini. Mshahara wa mwezi huu upo, lakini si wangu, ni wao. Nikiuza mashine moja nitapata hela, halafu nikishinda zabuni nitafua kwa nini, kwa mate?"

"Mimi nina laki tatu na elfu kumi. Mke wangu kasema nikupe. Kesho nakuletea."

"Zinatimiza?"

"Hazitimizi."

"Basi kaa nazo." Hakusema kwa hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka tu, kama mtu aliyesimama kutwa nzima na anaambiwa bado saa mbili. "Benki hawatanikopesha bila mkataba, na mkataba siupati bila hati. Dada yangu nilimkopa mwaka juzi na sijamaliza. Nimeshazunguka huko kote kichwani wakati unaongea, usijisumbue."

"Pingamizi nitaliandika. Hela yako utaipata, dada. Naapa."

"Nitaipata mwezi wa saba. Na mashuka je, nitayafua ya nani mwezi wa saba?"

Upepo ulivuma kidogo, mashuka yakajaa na kushuka. Ndani, mashine moja ikamaliza mzunguko wake na kuanza kulialia, na mtu akaita, "Mama! Tupakie mengine?"

"Pakieni," alijibu Mama Mashuka. Akamgeukia. "Nilikwambia nitakufua. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Sina hata nguvu hiyo." Akaingia ndani.

Alhamisi tarehe 26 Mama Mashuka alipeleka bahasha yake hata hivyo, saa tatu na nusu, bila hati, akiwa ameweka mahali pake barua ya Bwana Nakala ya kueleza kilichotokea. Saa nne na dakika ishirini ilirudishwa mikononi mwake, imefunguliwa upande mmoja. Bei yake haikusomwa. Muuguzi mkuu alimpita kwenye korido, akamshika bega, akaendelea na safari yake kwa kuwa wodini kulikuwa na mgonjwa. Mkataba wa zamani ulikuwa umebakiza siku tano. Jioni aliwaita wale wafanyakazi wanane akawaambia. Saba waliaga kwa mkono. Mmoja alikaa kwenye kapu lililopinduliwa, akashika tama, hakuondoka hadi taa zilipozimwa.

Bwana Nakala alipata habari kwa simu, kwa maneno mawili: "Imerudi." Alimwambia mkewe, mkewe akaacha kusuka ukili aliokuwa nao mkononi.

"Sasa, baba watoto?"

"Sasa hakuna."

"Utalala?"

"Nitalala tu. Kutolala hakumrudishii kitu."

Lakini hakulala.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, aliamka saa kumi na moja na nusu, akaoga, akavaa shati alilopigiwa pasi na mkewe. Hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kodi na bahasha ya pingamizi: mkataba, ankara kumi na mbili zilizosahihishwa, taarifa za benki, na barua ya mhasibu wa hospitali aliyoifuata mwenyewe. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na watu kama ishirini walikuwa wamekwishapanga mstari. Akasimama nyuma yao. Mlinzi alipofungua alichukua namba ya foleni, akakaa, akatoa karatasi zote magotini na kuisoma namba ya mlipakodi kwenye kila moja, tarakimu kwa tarakimu, kwa midomo isiyotoa sauti. Zilikuwa sahihi zote. Walipomwita, msichana wa mapokezi aligonga muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe, akamrudishia nakala moja.

"Siku tisini, mzee," alisema. "Mkiona kimya mje muulize."

"Tutakuja," alisema Bwana Nakala, akaikunja nakala ile na kuitia mfukoni.